Namba Moja, Majina Sita

Wangu, karani mwenzangu, hajui kutulia. Mpe kiti, atakalia ukingo wake kama mtu aliyeambiwa kwamba mwenyewe yuko njiani. Mpe chai, atainywa nusu, ainuke, aende dirishani, arudi, kisha alalamike kwamba imepoa. Mimi nimeketi naye chumba kimoja kwa miaka mingi katika kiwanda cha biskuti kule Industrial Area, yeye karani wa malipo ya vibarua, mimi Aoko karani wa stoo, na kuna siku nilizotamani kumfunga kwa kamba ya magunia ya unga. Majirani zake wa Mbotela humwita Mama Mbio. Hana mtoto wa jina hilo.

Kitu kimoja tu humtuliza, nacho ni orodha ndefu. Kiwanda chetu huajiri vibarua kama mia sita, wengi wao wakitoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, ng'ambo tu ya ukuta. Hulipwa kwa simu kila Jumamosi mchana. Kabla faili la malipo halijatumwa, sharti lipite chini ya macho ya Wangu, na hapo ndipo utamwona miguu inacheza chini ya meza huku uso umetulia tuli.

Ana utaratibu wake. Kwanza huzisafisha namba za simu, kwa sababu namba moja inaweza kuandikwa kwa sifuri mbele, au kwa 254, au ikaachiwa nafasi katikati, na kompyuta ikaona ni namba tatu tofauti. Zikishafanana, huzipanga, kisha huihesabu kila moja imejitokeza mara ngapi. Jina pekee haliamini. "Mary Wanza tunao wawili," aliniambia siku moja, "mmoja yuko tanuru, mwingine yuko kufagia. Nikifuta mmoja, Jumamosi nitatafutwa na mke wa mtu na mwiko mkononi." Kwa hiyo hutazama jina, kitambulisho, tarehe na kiasi kwa pamoja. Vyote vinne vikirudi mara mbili, hapo kuna mtu aliyebandika mistari ileile mara ya pili, naye hufuta mmoja.

Halafu huipanga safu ya pesa kuanzia kubwa kwenda ndogo, akatazama vichwa vya juu na mikia ya chini. Ndivyo alivyomnasa Mulama. Mulama, mfagiaji wetu, alikuwa amepangiwa shilingi elfu arobaini na nne mia nane na ishirini kwa juma moja, kwa sababu kidole cha mtu kilikuwa kimeteleza na kuongeza sifuri. Wangu aliiondoa sifuri ile kabla faili halijatoka. Mulama alipoambiwa, alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Ungeiacha tu, madam," akasema. "Mungu alikuwa amenikumbuka."

Tulicheka juma zima. Na aliyecheka kutushinda sote alikuwa Munyoki, msimamizi wa tanuru. Huyu Munyoki alikuwa mtu wa kupendeza, nisimnyime haki yake. Kila asubuhi alituletea sahani ya biskuti zilizovunjika, akaegemea mlango na kupiga soga. Siku ile aliuliza kwa mshangao mkubwa, "Kwani unayaona aje makosa haya, Wangu? Mistari yote hiyo?" Na Wangu, ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza habari za kazi yake, mume wake akiwemo, alimwonyesha. Akampangia, akamhesabia, akamweleza kwamba kitu anachokitafuta kuliko vyote ni namba ya simu inayojirudia. Munyoki alitikisa kichwa, akasema serikali yote ingefaa kumwajiri Wangu. Alikula biskuti mbili za sahani yake mwenyewe, akaenda.

Sasa tuje kwenye mambo yenyewe.

Alhamisi moja, miezi kama minne baadaye, Kim aliingia chumbani kwetu bila kubisha. Kim ndiye mhasibu wetu mkuu, mwanamume asiye mbaya, ila mkurugenzi akikohoa yeye hupata homa. Alisema malipo ya vibarua yamepanda robo hii yote ya mwaka ilhali biskuti zinazotoka ni zilezile. Mkurugenzi alitaka kujua pesa zinakwenda wapi.

"Kuna wafanyakazi hewa," Kim akasema. "Nipatie majina kesho saa sita, kabla hatujatuma."

"Kesho?" Wangu alikuwa amekwisha kusimama.

"Kesho. Unajua mimi pia nina mtu wa kunisukuma."

Wangu alizichukua orodha za majuma yote kumi na matatu, akaziunga kuwa moja, mistari karibu elfu nane. Nilimwona akizisafisha namba. Nilimwona akizihesabu. Halafu miguu yake ikaacha kucheza, jambo lililonitisha, kwa sababu sikuwa nimewahi kuiona miguu ile ikiacha kucheza.

"Aoko, njoo uone."

Namba nyingine zote zilikuwa na jina moja. Hii ilikuwa na majina sita. Kila juma Wangu alikuwa akiipita, kwa kuwa jina na kitambulisho havikurudi pamoja nayo; leo alikuwa anatafuta wafanyakazi hewa. Juma baada ya juma, wanawake sita wa idara ya kufungasha walilipwa kupitia simu moja, na simu yenyewe ilikuwa ya Nzilani, mwanamke mnene mpole ambaye kila mtu kufungasha alimjua kwa kuimba akiwa kazini.

"Huyu?" nikasema. "Huyu hawezi kuiba hata pumzi."

"Mimi sijui mtu, najua namba," Wangu alijibu. Neno hilo lilinikera wakati ule na linanikera hadi leo. Lakini saa zilikuwa zinakimbia, Kim alikuwa amepiga simu mara mbili, na jibu lilikuwa hapo kwenye kioo, rahisi, limekaa mkao wa kuliwa. Alilipeleka.

Ijumaa mchana walinzi walimtoa Nzilani nje ya lango akiwa bado amevaa kofia yake ya kazini. Malipo ya majina yote sita yakazuiwa. Walinzi hawakumpiga, wala hawakumtukana. Walimwambia tu arudi Jumatatu saa nane kusikia kama atakabidhiwa polisi. Wanawake wa kufungasha walisimama madirishani. Hakuna aliyeimba.

Wangu hakula siku hiyo. Alizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Nimefanya kazi yangu," aliniambia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mtu akikwambia jambo lilelile mara tatu anajiambia mwenyewe.

Jumamosi asubuhi walikuja. Nzilani alikuwa mbele, na nyuma yake wanawake watano wenye vitambulisho mikononi. Wafanyakazi hewa hao, wamesimama juani, mmoja ana mtoto mgongoni. Wangu alishuka ngazi mbio mpaka langoni na mimi nikamfuata. Aliyezungumza alikuwa Shirleen, msichana mwembamba, mkali, asiyeogopa mtu.

"Madam, sisi ndio wale watu hawako. Angalia basi. Nashikika?"

"Kwa nini mnatumia namba ya Nzilani?" Wangu akauliza. "Kila mtu si ana simu?"

Shirleen alimtazama kama anayemtazama mtoto. "Na deni je? Mimi nilikopa kwa simu mtoto akiwa mgonjwa. Nikikopa kidogo, inaongeza. Saa hii pesa yoyote ikiingia kwa laini yangu inamezwa hapo hapo, hata haijalia vizuri. Sasa nitafanya kazi wiki mzima ndio simu ikule? Nzilani hana deni. Pesa inaingia kwake, anatoa kwa wakala, tunagawana, kila mtu anampea kitu ya ada. Basi. Hiyo ndio wizi yetu."

Wangu alishika nguzo ya lango. Nilijua anachofikiria, kwa sababu nami nilikuwa nakifikiria: yeye mwenyewe ana deni lilelile. Mara ngapi nimemwona akiomba mjomba wake amtumie pesa kwa namba yangu, Aoko, ili laini yake isizile? Sote wa mitaa hii tunaijua njia hiyo kama njia ya choo. Na bado alipoiona kwenye orodha, hakuitambua.

Nzilani alimsogelea Wangu. "Madam, mimi sina neno na wewe," alisema. "Lakini nikiitwa mwizi hapa, hakuna kiwanda kitanichukua hii barabara yote. Wasimamizi wanajuana. Na mimi ndio baba, mimi ndio mama kwa hiyo nyumba."

Tulipanda kwa Kim. Wangu alimweleza yote bila kuvuta pumzi. Kim alisikiliza, akavua miwani, akaipangusa.

"Sawa. Wapo. Nimekubali wapo," akasema. "Lakini pesa zimepanda, Wangu. Hilo halijaondoka. Kama si yeye, ni nani? Mkurugenzi anataka jina Jumatatu. Nikienda mikono mitupu atauliza kwa nini nilimsimamisha huyu. Niletee jina lingine. La sivyo ni hilohilo."

"Hata kama hajafanya?"

"Wewe ndiye uliyenipa."

Lango la ofisi hufungwa Jumamosi saa saba, kwa hiyo Wangu alichukua kompyuta ya kazini, akanikamata mkono, tukaenda kwake Mbotela. Sikuulizwa kama nina shughuli. Nilikuwa na nguo za kufua na mboga za kununua soko la Jericho, lakini nani angesikia?

Nyumba yake ni ile ya zamani ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji, chumba na jikoni, milango inayotazamana. Nje wasichana walikuwa wanaruka kamba, na kwenye kanisa la jirani kwaya ilikuwa inafanya mazoezi kwa kipaza sauti, ubeti uleule, wakikosea palepale. Wangu alimfukuza mumewe aende akatazame mpira kokote. Akaweka kompyuta juu ya meza yenye kitambaa, akaifungua orodha, akasimama. Akaketi. Akasimama tena.

"Keti!" nikamfokea. "Ukisimama namba zinabadilika?"

"Nilikuwa na haraka, Aoko. Nilitafuta kitu kimoja, nikakipata, nikaacha kutafuta."

"Basi tafuta vingine."

Safari hii hakuanza na simu. Aliipanga orodha kwa idara, akaitaka kompyuta impe jumla ya kila idara, juma kwa juma. Kufungasha, idara ya Nzilani, jumla haikupanda. Ilikwenda ikirudi kidogo kulingana na oda, kama miaka yote. Nikaona mabega yake yakishuka kidogo. Kuchanganya unga, vilevile. Stoo, vilevile, na mimi nikashukuru Mungu. Tanuru ilikuwa imepanda.

"Watu wa tanuru wameongezeka?" nikauliza.

Akahesabu waliopita kwenye mashine ya kidole pale langoni. Hawakuongezeka. Mashine ile huandika saa za kila mtu, na mshahara hutoka hapo.

Akaigawa tena, sasa kwa aina ya malipo. Aina zetu ni tatu: mshahara wa kawaida, advansi ambayo mtu huomba kabla ya siku ya malipo, na malimbikizo. Malimbikizo haya nieleze, maana ndipo panya alipojificha. Mtu wa tanuru au wa unga akiwa na mafuta kidoleni, mashine humkataa. Basi msimamizi huandika saa zake kwenye karatasi, na saa zile hulipwa juma linalofuata kama malimbikizo. Ni jambo la haki kabisa, na kila idara huwa nayo kidogo. Kufungasha ilikuwa na elfu thelathini na moja na kitu kwa robo nzima. Kuchanganya ilikuwa na elfu ishirini na sita.

Tanuru ilikuwa na laki tatu, elfu kumi na nane, mia tisa.

Kwaya ilikosea palepale tena. Wangu hakuisikia. Alichuja malimbikizo ya tanuru peke yake, akayapanga kwa kiasi, na tukayaona yamekusanyika kama nzi kwenye sukari: elfu mbili mia tano kwa mkupuo, kisha elfu mbili, elfu mbili, elfu mbili, elfu mbili, kisha elfu moja mia tano. Chini yake ndipo ilipokuwa mistari ya kawaida, elfu moja sabini na nne, mia nne sitini na saba, mia mbili themanini, namba za kukwaruza zinazotoka kwenye saa za kweli.

"Advansi nazo si huwa namba kamili hivyohivyo?" nikasema. "Watu huomba elfu, mia tano."

"Advansi ni sawa, kwa sababu mtu ndiye anayechagua kiasi. Hii haichaguliwi, inazidishwa." Alikuwa ameshika kalamu. "Saa moja ni shilingi tisini na tatu na senti thelathini na nane. Saa ya ziada ni moja na nusu ya hiyo. Zidisha unavyotaka, elfu mbili haitoki. Saa ishirini na moja zinapungua, ishirini na mbili zinazidi. Changanya na za ziada, bado. Mara moja ningesema mtu amekadiria. Hizi ni ngapi?"

Akahesabu. Mistari mia moja arobaini na mitatu. Akapanga kwa jina: watu kumi na mmoja, kila mmoja juma kwa juma, bila kukosa hata juma moja. Jumla yao, laki mbili na elfu themanini na sita. Akaenda kuwatafuta watu hao kumi na mmoja kwenye mshahara wa kawaida. Hakumpata hata mmoja. Hawakuwahi kupita langoni siku yoyote. Sasa mtu asiyewahi kufanya kazi anadai vipi saa zilizosahaulika?

"Na simu zao?" nikasema.

Alizisoma zote, moja moja, kidole kikiwa juu ya kioo. Kumi na moja. Kila moja tofauti. Hakuna iliyojirudia.

Ndipo Wangu alipoketi sawasawa, mgongo ukiegemea kiti, mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona hivyo.

"Nilimfundisha mimi," akasema. "Kwa midomo yangu. Nilimwambia ninatafuta namba inayojirudia, akanunua laini kumi na moja. Hawa wengine hawakuambiwa na mtu, wakatumia moja. Nikawashika wao." Akaweka mikono usoni. "Na karatasi zake zote nimezipiga tiki mimi, Aoko. Kila Ijumaa."

Nilikuwa na maneno ya kumchoma, nayo yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Niliyameza. Nilikwenda jikoni kwake nikapika chai, nikamletea, na sikujali kama ataimaliza.

Jumapili hakupumzika. Alinipigia simu kabla ya ibada, baada ya ibada, na wakati nafua. Mara alitaka kwenda Reuben kumwambia Nzilani, mara aliogopa kumpa tumaini kisha Kim akatae. Mara alifikiri kumpigia Munyoki amwulize kama ni kweli, nikamwambia akithubutu nitakuja Mbotela kumnyang'anya hiyo simu. Mtu mwenye makosa ukimpigia Jumapili, Jumatatu hutampata.

Kumbe hata hivyo hatukumpata. Labda walinzi walimweleza kwamba tumeonekana tukitoka na kompyuta. Siri na kikohozi havifichiki. Munyoki hakuja kazini. Simu yake ilikuwa imezimwa, na hapo mlangoni petu hapakuwa na sahani.

Wangu alimpelekea Kim karatasi mbili: jumla za idara, na ile mistari mia moja arobaini na mitatu. Kim hakuhitaji maelezo marefu. Alisoma jumla ya tanuru, akapiga mluzi mdogo, akaenda kwa mkurugenzi, akakaa huko muda mrefu kiasi cha Wangu kuivunja kalamu. Aliporudi alikuwa amekunjua uso.

"Nzilani arudi kazini kesho. Jina lake ni safi, na nitamwambia mwenyewe. Malipo yao sita tutayatuma leo saa nane."

Wangu alipiga kofi kwa furaha, akanikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka. Ilikuwa furaha ya kweli. Nataka mjue hilo, kwamba kwa muda ule tulifurahi.

"Ila," Kim akasema, "kila mtu kwa namba yake. Iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mkurugenzi hataki kuona namba moja na majina mawili tena. Ameweka sahihi."

"Kim, hizo laini zina deni," Wangu akasema. "Si nilikueleza Jumamosi? Wape taslimu, mara hii moja tu."

"Taslimu tuliacha tangu wale vijana watuvamie langoni wakaiba mishahara. Unajua."

"Basi waandikishe namba za dada zao, za waume zao, tuwape siku mbili—"

"Wangu." Hakuwa amekasirika. Alikuwa mtu aliyechoka. "Siku tatu zilizopita umeniletea namba hii ukaniambia ni wizi. Leo unataka niirudishe? Nitamwambia nini yule mzee? Namba yake mwenyewe, na kitambulisho chake. Hata mwizi hapiti hapo."

Wangu alirudi kwenye meza, akaliandaa faili la watu sita. Nilitazama juu ya bega lake. Alizisafisha namba, akazipanga, akazihesabu. Moja, moja, moja, moja, moja, moja. Vidole vyake vilikaa juu ya kitufe kwa muda, halafu Kim akaja akasimama nyuma yetu, na faili likatumwa.

Wangu alishuka ngazi kabla sijainuka. Nilimkuta langoni pamoja nao. Kim alikuwa ameshamwambia Nzilani habari njema kwa simu, na wenzake walikuwa wanampigia vigelegele, mtoto wa mgongoni akishangaa. Wangu alikuwa anajaribu kuwaeleza jambo, lakini nani husikiliza karani siku ya vigelegele?

Simu zikaanza kulia. Kwanza ya Shirleen. Aliitoa, akatabasamu, akasoma. "Imeingia!" Kabla hajaifunga ililia mara ya pili. Akasoma tena, polepole zaidi. Tabasamu halikutoka yote mara moja, lilitoka upande mmoja kwanza. Kisha ya mwenye mtoto ikalia mara mbili. Kisha nyingine. Mmoja alibakiwa na shilingi arobaini, akauliza kwa sauti kama arobaini ni za nini. Shirleen, mwenye ulimi mkali kuliko wote, aliketi kwenye jiwe la kando ya lango, akaufunika mdomo kwa kitambaa cha kazini.

Simu ya Nzilani ililia mara moja tu. Elfu nne, mia nne themanini na mbili, zote, juma zima la kazi.

Aliitazama, akawatazama wenzake. Walikuwa hawamtazami, kila mmoja alijifanya ana shughuli na simu yake, na mwenye mtoto alikuwa anamfunga upya mgongoni ilhali hakulegea. Nzilani aliivuta hewa kwa nguvu kama mtu anayejiandaa kubeba gunia.

"Madam," akamwambia Wangu, bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Wewe unajua hesabu. Hii tukigawanya kwa sita, ni ngapi kila mtu?"

Wangu hakuhitaji kompyuta. Alisimama wima katikati ya barabara, malori yakimpigia honi, miguu haichezi.

"Mia saba arobaini na saba," akasema.

Nzilani aliitikia kwa kichwa taratibu, akiithibitisha. "Hiyo ni ya kazi ya siku moja," akasema. Akamwinua Shirleen kwa mkono, wakaenda kumtafuta wakala.